Mashine yetu haifikii tena thamani yake ya vitabuni, na mjomba hataki kusikia

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mhasibu wa kiwanda kidogo cha mafuta ya alizeti mkoani Singida. Mwenye kiwanda ni mjomba wangu, na ndiye aliyenilipia ada mpaka nikapata cheti changu. Mashine yetu ya kukamua ilinunuliwa mpya miaka minne iliyopita kwa shilingi milioni 200. Tunaikata uchakavu kwa miaka kumi, kwa hiyo vitabuni imebaki milioni 120. Msimu huu shafti yake ilipasuka, fundi akaichomelea. Inafanya kazi, lakini inakamua magunia machache kuliko zamani, na mashudu yanatoka yakiwa bado na mafuta. Ukiyafinya, kiganja kinang'aa. Fundi anasema ikitunzwa itafika miaka minne, si sita.

Sehemu ya kazi yake ni kuwakamulia wakulima kwa malipo. Sehemu nyingine ni mbegu zetu wenyewe, ambazo mafuta yake ghafi huingia kwenye mtambo wetu wa kusafisha. Mfanyabiashara mmoja yuko tayari kuinunua kwa milioni 55, na kuifungua na kuisafirisha kutatugharimu milioni 5. Kwa hiyo nimepiga hesabu ya hasara ya milioni 70. Mjomba anajibu, "Mashine haiuzwi, hasara inatoka wapi?" Yeye anakadiria kwamba tukiweka shafti mpya itabakiza milioni 38 kila mwaka kwa miaka sita. Makadirio yangu, kwa hali ilivyo leo na kabla ya kodi, ni milioni 30, 28, 24 na 18. Wakati huohuo anaongea na muuzaji wa mashine mpya, ingawa hajalipa chochote.

Mkopo wetu wa benki una riba ya asilimia 16 na sharti kwamba mtaji wa mwenye kampuni usishuke chini ya milioni 150. Sasa hivi, kabla ya hasara hii, uko milioni 190. Hesabu zinafungwa Desemba 31 na mkaguzi anakuja Februari. Nitafanyaje bila kumvunjia heshima mjomba na bila kuweka sahihi yangu kwenye uongo?

Mhasibu, Singida

*

Marahaba, mwanangu.

Swali la mjomba wako ni zuri kuliko unavyolidhania, na ningependa tuanze nalo kabla hatujafika kwenye hesabu yako. Kiwango cha Kimataifa cha Uhasibu namba 36, ambacho ndicho kinachotawala jambo hili, hakisemi kwamba mali ikishuka bei sokoni basi mwenye nayo amepata hasara ya kiasi hicho. Kinauliza ni kiasi gani ambacho mwenye mali anaweza kukirejesha kutoka kwenye mali hiyo, kwa njia iliyo bora kwake. Ng'ombe wa maziwa ana thamani mbili, ile ya mnadani na ile ya maziwa atakayotoa, na mfugaji mwenye akili huangalia iliyo kubwa. Mashine ni hivyohivyo. Thamani ya kwanza ni bei ya kuuza ukiondoa gharama za kuuza, nayo kwa mashine yenu ni milioni 50. Ya pili ni thamani ya matumizi, yaani fedha ambazo mashine itaingiza ikiendelea kufanya kazi, zikiletwa kwenye thamani ya leo. Kiasi kinachoweza kurejeshwa ni kile kikubwa kati ya hizo mbili, na hasara ni tofauti kati ya kiasi hicho na thamani ya vitabuni.

Wewe umeitumia ile ya kwanza peke yake. Mjomba naye anasema kweli kwamba mashine isiyouzwa haipimwi kwa bei ya kuuzia tu, lakini kutoka hapo amerukia hitimisho kwamba hakuna hasara kabisa, na hilo halifuati. Kupasuka kwa shafti ni dalili ambayo kiwango chenyewe kinaitaja, uharibifu wa mali unaoonekana, na dalili ikishaonekana kipimo ni lazima kifanyike mwaka huohuo.

Tuchukue makadirio yako. Milioni 30 utakazopata mwisho wa mwaka ujao, kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 16, yaani asilimia inayotumika kushusha fedha za baadaye hadi thamani ya leo, zina thamani ya takriban milioni 25.9. Zile 28 za mwaka wa pili ni 20.8, zile 24 za mwaka wa tatu ni 15.4, na zile 18 za mwaka wa nne ni 9.9. Jumla ni milioni 72. Kwa kuwa 72 ni kubwa kuliko 50, hiyo ndiyo thamani unayoipima dhidi ya vitabu, na hasara inakuwa milioni 48, si 70. Kuanzia mwaka ujao mtakata uchakavu wa milioni 18 kila mwaka kwa miaka minne iliyobaki, badala ya 20.

Kabla hujaishika namba hiyo, iangalie ilivyojengwa. Je, katika zile milioni 30 umeingiza mapato ya mashudu? Mashudu yenye mafuta mengi ni hasara upande wa mafuta, lakini wafugaji wanaweza kuyalipia zaidi, na tofauti hiyo ni fedha ya mashine. Je, umetoa umeme, mishahara ya wanaoiendesha na matengenezo ya kawaida, lakini hukutoa marejesho ya mkopo wala kodi ya mapato? Marejesho na kodi havitakiwi kuwamo, kwa sababu kiwango cha punguzo ni cha kabla ya kodi na tayari kinabeba gharama ya fedha. Na ile asilimia 16 uliichukua kwa sababu ndiyo riba ya mkopo wenu. Ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini si jibu la mwisho, kwa maana kiwango kinachotakiwa ni kile ambacho soko lingedai kwa mashine yenye hatari kama hizi, hata kama ingekuwa imenunuliwa kwa fedha taslimu. Mkaguzi akisema shafti iliyochomelewa inastahili asilimia 20, thamani ya matumizi inashuka hadi milioni 67 na hasara inapanda hadi 53. Jaribu viwango viwili au vitatu mapema ili ujue hesabu yako inavyoyumba. Lakini kama makadirio yako ya fedha yalishapunguzwa kwa kuhofia shafti kupasuka tena, usiongeze hofu hiyohiyo kwenye kiwango cha punguzo, kwa kuwa utakuwa umeihesabu mara mbili.

Makadirio ya mjomba yana tatizo la aina nyingine. Milioni 38 kwa miaka sita, kwa asilimia 16, ni takriban milioni 140 leo, na kwa namba hiyo kweli hakuna hasara. Ila hiyo si mashine mliyo nayo. Ni mashine mtakayokuwa nayo mkishanunua shafti mpya, na hata gharama ya shafti yenyewe sikuiona katika maelezo yake. Thamani ya matumizi hupimwa kwa mali katika hali yake ya sasa; fedha zitakazotokana na kuiboresha haziingii mpaka gharama ya kuiboresha iwe imetumika. Kubadilisha mikanda na beringi zinazochakaa ni matengenezo na yanaingia. Shafti mpya inayorudisha uwezo uliopotea haiingii. Siamini kwamba mjomba anadanganya hapa. Anaona kiwanda chake kama kitakavyokuwa, na mwenye mali ndivyo anavyotakiwa kukiona anapopanga biashara. Mizania ya Desemba 31 ndiyo isiyoweza kupimwa kwa jicho hilo.

Na jambo hili linaweza kumpa faraja ya kweli, tena unaweza kumwambia bila kumdanganya. Shafti mpya ikifungwa mwakani na mashine ikathibitika kurudi kwenye uwezo wake, hasara iliyoandikwa leo inaweza kurudishwa kwenye faida ya mwaka huo. Kuna kikomo kimoja: mashine haiwezi kupandishwa kupita thamani ambayo ingekuwa nayo kama hasara isingeandikwa kamwe. Mwaka mmoja baadaye, milioni 120 zikigawanywa kwa miaka minne, thamani hiyo ingekuwa milioni 90, wakati vitabuni mtakuwa na 54. Nafasi ya kurudisha ipo. Shafti yenyewe itaandikwa kama mali kwa gharama yake, na ile iliyopasuka itaondolewa vitabuni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona ndilo linaloamua zaidi, na ambalo katika barua yako umelipita haraka. Hesabu yote niliyoifanya hapo juu inachukulia kwamba mashine inaingiza fedha zake yenyewe. Je, ni kweli? Malipo ya wakulima ni yake bila ubishi. Lakini kwa mbegu zenu, mashine haimuuzii mtu kitu. Inatoa mafuta ghafi yanayopita kwenye bomba kwenda kusafishwa, na fedha zinapatikana chupa inapouzwa. Mali isiyoweza kutenganishiwa mapato yake hupimwa pamoja na kundi dogo kabisa la mali linaloingiza fedha kwa pamoja, na hapo kundi lingekuwa mashine, mtambo wa kusafisha na sehemu ya kujaza chupa.

Kiwango kinatoa mfano unaofanana sana na wenu: mashine iliyoharibika lakini bado inafanya kazi, ingawa si vizuri kama zamani, ikiwa ndani ya mstari wa uzalishaji ambao kwa ujumla wake hauna hasara. Ikiwa uongozi haujajifunga kuibadilisha, hakuna hasara inayoandikwa kwa mashine hiyo, hata kama bei yake ya kuuzia iko chini ya thamani ya vitabuni. Unaona, basi, kwamba kuna hali ambayo mjomba yuko sahihi. Lakini hata hapo njia yake ina gharama, kwa kuwa miaka iliyobaki ni lazima iangaliwe upya. Milioni 120 zikigawanywa kwa miaka minne badala ya sita, uchakavu unapanda kutoka milioni 20 hadi 30 kila mwaka. Kwa hali yoyote ile shafti iliyopasuka itaonekana kwenye faida.

Je, mko katika hali hiyo? Lipo sharti ambalo wengi hulisahau. Kama bidhaa inayotoka kwenye mashine ina soko linalofanya kazi, ambalo bei yake inajulikana wakati wote na wanunuzi na wauzaji wapo, mashine huhesabiwa kuwa inaingiza fedha zake yenyewe hata kama bidhaa yote inatumika ndani ya kiwanda; unachofanya ni kutumia bei ya soko badala ya bei mnayopangiana wenyewe. Wewe uko Singida, nami siko. Unajua kama mafuta ghafi yanauzwa na kununuliwa kila wiki kwa bei ambayo kila mkamuaji anaijua, au kama mauzo hayo ni ya hapa na pale, msimu huu yapo na ujao hayapo. Kusanya risiti na bei za miezi kadhaa kutoka kwa wakamuaji wengine. Zikionyesha soko la kweli, mashine inapimwa peke yake na tunarudi kwenye ile milioni 48. Zisipoonyesha, pima kundi zima, na uwe mwangalifu kwamba pande zote mbili zinalingana: ukihesabu fedha za chupa, basi thamani ya vitabuni nayo ichukue mtambo wa kusafisha, mashine ya kujaza na sehemu ya jengo wanayotumia. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mapato ya kiwanda kizima kuwekwa kwenye mizani moja na thamani ya mashine moja, na hapo hasara haiwezi kuonekana hata siku moja.

Hali ya tatu ni ile ya mashine mpya. Mjomba akiwa amekwisha kuamua kuibadilisha na kuiuza hii karibuni, matumizi yaliyobaki ni ya miezi michache tu, thamani ya matumizi inakaribia bei ya kuuza, na hasara inasogelea ile milioni 70 uliyoipata mwanzo. Namba yako, kumbe, si ya ovyo. Ina hali yake. Kuongea na muuzaji si kujifunga, lakini mkataba uliosainiwa, malipo ya awali au uamuzi ulioandikwa kwenye muhtasari wa kikao ni jambo jingine. Uamuzi utakaofanywa kweli Januari ni tukio la mwaka unaofuata, ingawa huenda mkatakiwa kuutaja kwenye maelezo ya hesabu. Ila uamuzi uliokwisha fanyika Desemba haubadiliki kuwa wa Januari kwa sababu karatasi imecheleweshwa. Hilo muulize mjomba ana kwa ana, mkiwa wawili, kabla ya mwaka kufungwa. Nadhani atakujibu kwa ukweli zaidi ukimwuliza anataka kufanya nini na mashine yake kuliko ukimwuliza akubali hasara.

Kuhusu benki, hofu yako ina msingi, lakini nadhani umeutoa mzigo wote kwenye mtaji bila kuangalia kodi. Mamlaka ya Mapato haiitambui hasara hii. Inatoa punguzo la uchakavu kwa utaratibu wake yenyewe. Kwa sababu hiyo thamani ya mashine kwa upande wa kodi haibadiliki wakati ile ya vitabuni inashuka, na tofauti hiyo inagusa kodi iliyoahirishwa, yaani kodi ya miaka ijayo inayotokana na tofauti kati ya vitabu vyenu na hesabu za kodi. Kama punguzo la kodi lilikwenda haraka kuliko uchakavu wenu, mtakuwa na deni la kodi iliyoahirishwa, na deni hilo litapungua. Kwa kodi ya kampuni ya asilimia 30, hasara ya milioni 48 inapunguza mtaji kwa takriban milioni 33.6, na mtaji unabaki 156.4, juu ya sharti. Hasara ya milioni 70 inaupunguza kwa 49, na unabaki 141, chini ya sharti. Soma mkataba wenyewe uone mtaji umeelezwa namna gani, maana baadhi ya mikataba ya mikopo huitoa kodi iliyoahirishwa kwenye hesabu.

Hapa nakuomba ujilinde, mwanangu. Ukishajua namba gani inaiacha benki ikiwa kimya, kila dhana itaanza kuegemea huko: asilimia 16 itaonekana bora kuliko 20, soko la mafuta ghafi litaonekana lipo au halipo kadiri inavyofaa. Andika dhana zako zote kwanza, ziwekee tarehe, kisha ndipo uguse hesabu ya sharti la benki.

Kama baada ya hapo sharti bado linavunjika, muda ni wa maana kuliko unavyoweza kufikiri. Benki ikikubali kwa maandishi kabla ya Desemba 31 kuwapa nafuu ya angalau miezi kumi na miwili baada ya tarehe hiyo, mkopo unaweza kubaki kwenye madeni ya muda mrefu. Ikikubali Januari, hata kwa moyo mweupe, sharti litakuwa limekwisha kuvunjika siku ya kufunga hesabu, na mkopo wote utaonyeshwa kama deni la kulipwa ndani ya mwaka. Kwenda benki mapema kuna hatari yake: wanaweza kuomba dhamana zaidi au kupandisha riba. Kukaa kimya nako kuna hatari, kwa maana mkaguzi ataomba barua ya fundi na ofa ya mnunuzi, na benki itaisoma habari hiyo kwenye ripoti yake badala ya kuisikia kwa mjomba. Ni yeye anayeijua benki yake, na ni haki yake kuchagua, mradi achague akiwa na hesabu mbele yake. Na anapaswa kujua kwamba hasara hii haitoi hata shilingi kwenye akaunti; fedha ya mashine ilishatoka miaka minne iliyopita.

Nimebakiza lile la heshima. Sijui mjomba wako anasikiliza namna gani, kwa hiyo sitakuchagulia njia. Unaweza kumwandalia karatasi moja yenye hali zote tatu, yaani mashine peke yake, kundi zima, na mashine inayobadilishwa, kila moja na ushahidi inaouhitaji, ili achague ukweli wa kiwanda chake badala ya kuchagua kati yako na yeye. Unaweza kumwomba mkaguzi aje Desemba badala ya Februari, kwa suala hili tu. Baadhi ya wazee hukubali neno la mgeni kwa urahisi kuliko la mtoto wa dada yao, lakini wapo wanaoona umewatoa nje, na wewe ndiye unayemjua. Akikulazimisha kuweka namba ambayo dhana zake hamuwezi kuzitetea, kumbuka kwamba sahihi ya mhasibu ina masharti yake ya kimaadili, na unaweza kupata ushauri wa siri kutoka Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu kabla mambo hayajafika kwenye kuacha kazi.

Lolote mtakalochagua, faili liwe na barua ya fundi yenye tarehe inayotaja miaka minne na sababu zake, ofa ya mnunuzi kwa maandishi, hesabu ya magunia kwa siku kabla na baada ya shafti kupasuka, bei za mafuta ghafi ulizokusanya, na maelezo ya jinsi ulivyofika kwenye kiwango cha punguzo. Hasara ikiandikwa na ikawa kubwa kwa kampuni yenu, maelezo ya hesabu yatatakiwa kusema nini kiliisababisha, ni kiasi gani, na kama mlitumia bei ya kuuza au thamani ya matumizi. Barua ya fundi iombe wiki hii, kabla hajasahau aliikuta shafti katika hali gani.